Kuuza preseti za Lightroom: kuanzia kuzisafisha hadi leseni

Swali linalokuja kwangu karibu kila wiki ni hili: "Kaka, nina preseti zangu nzuri, nianzeje kuziuza?" Anayeuliza mara nyingi ni mpiga picha wa harusi au mtu anayetengeneza maudhui ya mitandaoni. Tayari ana rangi zake ambazo watu wanazipenda. Asichojua ni kwamba preseti inayofanya kazi vizuri kwenye picha zake inaweza kuharibu picha za mtu mwingine. Mnunuzi akilipa halafu sura ya bibi harusi ikageuka majivu, hatarudi, na atawasimulia wenzake.

Nitatumia mfano wa pakiti yangu mwenyewe, "Ukumbini", yenye preseti sita za picha za ndani ya ukumbi: send-off, kitchen party na harusi. Ukishaielewa hiyo, nyingine utatengeneza mwenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Lightroom Classic kwenye kompyuta. Simu peke yake inawezekana, lakini kusafisha faili ni rahisi zaidi kwenye kompyuta.
- Simu moja yenye Lightroom ya akaunti ya bure, hata ya kuazima. Wanunuzi wengi wako huko.
- Picha zisizopungua 30 ambazo hukupiga wewe, za kamera na simu tofauti. Waombe wenzako, na waambie ni za majaribio tu.
- Picha zako za maonyesho, pamoja na ridhaa ya maandishi ya kila anayeonekana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya mwaka 2019. Bibi harusi alikulipa umpige picha. Hakukubali uso wake uuze bidhaa yako.
- Programu ya kuandika maandishi matupu, kama Notepad. Usitumie Word kwa kazi hii.

Hatua ya 1. Chagua mwanga mmoja, siyo "staili"

Kosa la kwanza la wengi ni pakiti ya preseti 50 zenye majina kama Dream, Gold na Moody. Mnunuzi anajaribu tatu, hazikubali, anachoka. Preseti haijui picha ina nini ndani. Inasogeza vitelezi tu, na vitelezi vilevile kwenye mwanga mwingine vinaleta rangi nyingine kabisa.

Kwa hiyo panga pakiti kwa mwanga. Zangu sita zinaitwa hivi: 01 Taa Nyeupe, 02 Taa za Njano, 03 Zambarau, 04 Flashi, 05 Dirishani, 06 Nyeusi na Nyeupe. Mtu akiwa na picha ya ukumbi wenye taa za njano hahitaji kuniuliza aanzie wapi. Namba za mbele zinazifanya zijipange kwa mfuatano ule ule kila mahali.

Hatua ya 2. Tengeneza rangi ukiangalia ngozi kwanza

Preseti nyingi za mitandaoni zimejengwa juu ya ngozi nyeupe. Mtindo wao mkubwa ni kupunguza rangi ya chungwa ili ngozi isiwe nyekundu. Lakini kwenye Lightroom, ngozi zetu, kuanzia nyeusi tii hadi maji ya kunde, zinakaa sana kwenye chungwa na nyekundu. Ukiipunguza chungwa kwa 30 au 40, ngozi nyeusi inapoteza damu na kubaki kijivu. Hicho ndicho kilio ninachokisikia mara nyingi kuhusu preseti za kununua, na ndiyo nafasi yako sokoni.

Kwenye 02 Taa za Njano mimi napunguza Saturation ya Orange kidogo tu, -8, halafu napandisha Luminance ya Orange hadi +12 ili uso uinuke kutoka gizani bila kugusa ukuta na mapambo. Njano ndiyo naipunguza kwa nguvu, kwa sababu ndiyo inayopaka kila kitu mafuta. Usiige namba hizi. Zichukue kama mwelekeo, halafu weka picha tatu za watu wa rangi tofauti za ngozi ubavuni mwa nyingine na uzisogeze zote pamoja.

Hatua ya 3. Hifadhi preseti bila takataka

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoanguka, mimi nikiwa mmoja wao. Pakiti yangu ya kwanza niliiuza ikiwa na Exposure ya +0.85 ndani, kwa sababu picha niliyoijengea ilikuwa giza. Mnunuzi wa nne akanitumia picha ya maharusi waliopigwa kwa flashi: gauni lilikuwa limeungua lote, shanga hazionekani, limebaki doa jeupe lenye kichwa. Nilimrudishia pesa yake na nikaanza upya.

Ukibofya Create Preset, dirisha linakuja na orodha ya visanduku. Ondoa tiki kwenye hivi:

- Exposure. Kila picha ina mwanga wake.
- White Balance. Kwenye faili la RAW namba yake ni Kelvin, mfano 4800. Kwenye JPEG ni kipimo cha kutoka -100 hadi +100. Thamani ya huku haihamii kule ikabaki na maana ile ile.
- Lens Corrections na Transform. Hizo ni za lenzi yako na picha yako.
- Noise Reduction, isipokuwa una sababu nzito.

Angalia pia profaili. Ukijenga juu ya profaili ya kamera yako, kama Camera Standard, mwenye kamera nyingine au JPEG hataipata. Jenga juu ya Adobe Color, ambayo ni ya RAW za kamera yoyote; JPEG yenyewe hutumia profaili iitwayo Color. Kisha weka tiki kwenye Support Amount Slider, ili mnunuzi aweze kuipunguza preseti nguvu kwa kitelezi kimoja. Kitelezi hicho kimenipunguzia malalamiko kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kubadilisha.

Hatua ya 4. Fungua faili uone kilichomo

Bofya preseti kwa kitufe cha kulia, chagua Export. Utapata faili la .xmp. Lifungue kwa Notepad. Ni maandishi ya kawaida, na ndani yake utaona mistari kama hii:

```
crs:SaturationAdjustmentOrange="-8"
crs:LuminanceAdjustmentOrange="+12"
crs:Copyright=""
crs:ContactInfo=""
```

Tafuta neno `Exposure2012` na neno `Temperature`. Ukiyakuta, hukuondoa tiki vizuri, rudi hatua ya 3. Kisha jaza jina la biashara yako kati ya alama za kufungia za `crs:Copyright`, na anwani yako kwenye `crs:ContactInfo`. Usiguse kingine. Hifadhi kama nakala, futa ile ya awali ndani ya Lightroom, kisha iingize nakala uone kama inakubali.

Onyo: usizalishe preseti mpya kwa kunakili faili la .xmp na kulibadilisha jina. Kila faili lina namba ya utambulisho iitwayo UUID, na nakala inabaki na ile ile. Lightroom ikikuta mbili zenye UUID moja inaweza kuonyesha moja tu, na mnunuzi atakuuliza ya sita iko wapi.

Umeona pia jambo jingine: mtu yeyote anaweza kulifungua faili lako na kusoma kila namba. Hakuna kufuli. Tutalirudia kwenye leseni.

Hatua ya 5. Jaribu kwenye picha za wengine

Chukua zile picha 30. Kila moja, rekebisha kwanza Exposure na White Balance, kisha weka preseti bila kugusa kingine. Andika kwenye karatasi: imekubali, imekubali kwa kusogeza kitu kimoja, imekataa. Mimi siuzi preseti iliyokataa zaidi ya picha tano kati ya 30 zenye mwanga inaohusika nao.

03 Zambarau ilinisumbua miezi. Taa za LED za zambarau zikimmulika mtu peke yake, bila mwanga mwingine, kamera haipokei rangi ya ngozi hata kidogo. Hapo hakuna cha kurejesha. Preseti inaweza kutuliza zambarau pale tu ambapo uso umepata pia mwanga mweupe, hata wa taa ya mpiga video. Nimeliandika hilo wazi kwenye maelezo ya bidhaa, na kwa picha zilizokufa kabisa naelekeza 06 Nyeusi na Nyeupe.

Hatua ya 6. Tengeneza toleo la simu

Lightroom ya simu inaweza kuingiza .xmp moja kwa moja, lakini wengi wamezoea njia ya DNG: wanafungua picha yenye rangi zako, wanabofya nukta tatu, wanachagua Create Preset. Wape zote mbili.

DNG ina mtego wake. Ni picha kamili, kwa hiyo inabeba kila mpangilio uliowekwa juu yake, hata ule ulioutoa kwenye .xmp. Mnunuzi akihifadhi preseti kutoka humo, Exposure yako inaingia kwake kwa mlango wa nyuma. Fanya hivi:

1. Chagua picha isiyo na mtu, iliyopigwa kwa mwanga sahihi. Mimi natumia picha ya meza ya ukumbi yenye maua.
2. Bofya Reset.
3. Weka preseti tu. Exposure ibaki 0, White Balance ibaki As Shot.
4. Nenda File, Export, chagua DNG kwenye Image Format, weka tiki Use Lossy Compression ili faili liwe dogo. Mnunuzi anashusha kwa bando lake, umkumbuke.
5. Rudia kwa kila preseti, na jina la faili lifanane na la preseti.

Usitumie picha ya mteja kama DNG. Ungekuwa unauza faili lake la ubora mkubwa kwa watu usiowajua.

Kwa wanaouliza kuhusu video: CapCut ya kompyuta, Premiere na DaVinci Resolve hutumia faili za .cube, ziitwazo LUT. Lightroom haihifadhi preseti kama .cube, na LUT inajengwa na kujaribiwa juu ya video yenyewe. Usiandike "inafaa kwa video" kama hujaitengeneza hiyo.

Hatua ya 7. Funga pakiti

Folda yangu iko hivi:

```
Ukumbini_v2/
  1_SOMA_KWANZA.pdf
  2_KOMPYUTA_xmp/
  3_SIMU_dng/
  4_LESENI.pdf
```

SOMA_KWANZA ni kurasa mbili: picha za skrini za kuingiza kwenye simu, za kuingiza kwenye kompyuta, na sentensi moja kwa kila preseti ikisema mwanga wake na kitelezi cha kwanza cha kusogeza ikikataa. Namba ya toleo, v2, ni muhimu. Mtu akileta tatizo, unajua ana faili gani.

Hatua ya 8. Onyesha kwa ukweli

Picha ya "kabla" ndiyo inayodanganya. Wauzaji wengi wanaweka picha ya giza yenye rangi mbovu, halafu "baada" inang'aa. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ni Exposure, ambayo haimo kwenye preseti. Mnunuzi akijaribu kwake haoni muujiza ule, na ana haki ya kukasirika.

"Kabla" yangu ni picha iliyokwisha kurekebishwa Exposure na White Balance. "Baada" ni preseti tu. Tofauti ni ndogo kwa macho, ila ni ya kweli, na mpiga picha anayejua kazi anaiona kwenye ngozi na kwenye kitambaa. Chini ya kila jozi naandika: mwanga wa aina gani, RAW au JPEG, kamera au simu, na kama nilisogeza kitu baadaye.

Weka angalau jozi moja kwa kila preseti, na watu wa rangi tofauti za ngozi. Weka pia picha moja ambayo preseti imekataa, ukieleza sababu. Nilipoweka ile ya zambarau, maswali ya "mbona kwangu haikubali" yalipungua sana.

Kisha rekodi skrini ya simu, sekunde 30 zinatosha: fungua picha, gusa preseti, sogeza Amount, kuza uso. Usikate katikati. Picha zote zihifadhiwe kwa sRGB, la sivyo rangi zinaweza kupauka kwenye simu za watu.

Kwenye jina la bidhaa usitangulize "Adobe" wala majina ya filamu za kupigia picha, kama Portra ya Kodak. Hizo ni alama za biashara za watu. "Ukumbini, preseti kwa ajili ya Lightroom" inatosha.

Hatua ya 9. Andika leseni kabla ya bei

Kumbuka faili halina kufuli. Na huwezi kudai kwamba -8 kwenye Orange ni mali yako. Picha za maonyesho, mwongozo wako na jina la bidhaa unaweza kuvitetea, lakini namba zenyewe ni ngumu. Kinachokulinda hasa ni makubaliano kati yako na mnunuzi, na makubaliano lazima ayaone kabla ya kulipa. PDF iliyofichwa ndani ya zipu haitoshi. Weka muhtasari kwenye ukurasa wa bidhaa, au kwenye ujumbe wa WhatsApp kabla ya kumpa namba ya kulipia.

Hii ni yangu ya mtu mmoja, uibadilishe ifae kwako:

> Umenunua haki ya kutumia preseti hizi, siyo umiliki wake. Unaweza kuzitumia kwenye picha zako zote, zikiwemo za wateja wanaokulipa, bila kikomo cha muda, kwenye simu na kompyuta zako mwenyewe. Picha unazohariri ni zako, hudaiwi kunitaja. Huruhusiwi kuzigawa, kuziuza, kuzitoa zawadi, au kuzibadilisha kidogo na kuziuza kwa jina jingine. Faili lisipofunguka, nitalitengeneza ndani ya siku 3 au nitarudisha pesa yako. Kwa sababu ya kutopenda rangi baada ya kupakua, pesa hairudi.

Sentensi ya "wateja wanaokulipa" usiiache. Bila hiyo mpiga picha wa harusi hajui kama anaruhusiwa, na huyo ndiye mnunuzi wako mkuu.

Leseni ya pili ni ya studio. Inaruhusu wahariri hadi watano wa biashara moja, na inasema kwamba mfanyakazi akiondoka haondoki nazo. Kwa kila studio naandika namba ya agizo kwenye `crs:Copyright`, mfano "Agizo 014", kabla ya kufunga zipu. Faili likisambazwa kama lilivyo, namba iko ndani na najua pa kuanzia kuuliza.

Bei zangu ni Sh 20,000 kwa mtu mmoja na Sh 70,000 kwa studio. Ukiweka leseni zote mbili kwa bei ya karibu, leseni ya studio haikupi faida ya maana, na ukiziachanisha mno watanunua moja na kugawana.

Hatua ya 10. Pokea pesa, kabidhi faili

Kwa kuanzia, Lipa Namba na WhatsApp vinatosha. Mauzo yakikuzidi, hamia kwenye jukwaa la bidhaa za kidijitali linalokabidhi faili lenyewe, ila hakikisha kwanza linalipa kwenye nchi yako.

Ukituma kwa Google Drive, kiungo kiwe Viewer. Niliwahi kuacha Editor, na mnunuzi mmoja, bila nia mbaya, alihamisha folda ya DNG akidhani anaipakua. Waliomfuata siku hiyo walikuta folda tupu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama Document.

Matatizo yatakayoletwa kwako

*"Nimebofya kiungo, hakishuki."* Amefungua ndani ya Instagram. Mwambie anakili kiungo akifungue kwenye Chrome au Safari.

*"Preseti hazionekani kwenye kompyuta."* Aende Preferences, sehemu ya Presets, aweke tiki Show Partially Compatible Develop Presets. Bado hazionekani? Muulize toleo. Lightroom Classic za kabla ya 7.3, ya Aprili 2018, hazisomi .xmp, zilitumia .lrtemplate.

*"Picha imeungua."* Mwombe picha ya skrini ya vitelezi. Exposure ikiwa siyo 0 na yeye hakuigusa, imetoka kwenye DNG yako. Rekebisha faili, tuma v3 kwa wote walionunua, siyo kwake peke yake.

*"Ngozi imekuwa ya kijani."* White Balance yake ilikuwa mbovu kabla ya preseti. Mara nyingi alipiga chini ya mti au taa za tyubu. Arudi nyuma, arekebishe Tint kwanza, aweke preseti upya.

*"Kwenye JPEG inaonekana nzito kuliko kwenye RAW."* Ni kweli, JPEG imeshaongezewa rangi na kontrasti na kamera au simu. Ashushe Amount hadi karibu 60. Watu wengi wakilisema hilo kuhusu preseti moja, tengeneza toleo la JPEG na uliweke kwenye pakiti.

*"Nimeona preseti zako kwenye grupu la Telegram."* Usianze na matusi. Piga picha ya skrini yenye tarehe, pakua faili, lifungue kwa Notepad, angalia kama lina namba ya agizo ya studio. Ikiwepo, mwandikie mnunuzi huyo ukimnukulia sentensi ya leseni aliyoikubali na umpe siku saba aitoe. Ikibaki, ripoti kwa jukwaa lenyewe ukitumia picha zako za maonyesho na PDF yako kama ushahidi, maana hivyo ndivyo vyenye hakimiliki isiyo na ubishi.